Yah: Ripoti yenu ya ukaguzi wa Probox, na kutu mliyosema haipo

Kwa Meneja,

Habari za kazi. Nilishapanga niandike kistaarabu na nitajitahidi, ila mnisamehe nikiteleza.

Nyinyi mliniuzia ukaguzi wa Probox kabla sijainunua yadi, na mnajua ripoti yenu inatakiwa iwe na nini, siwezi kuanza kuwafundisha kazi. Nilichokuja kusema ni kwamba sehemu ya chini ya gari mmeandika "Nzuri, hakuna kutu", na tarehe 14 jeki imezama ndani ya gari yangu kama kijiko kwenye ugali.

Simaanishi imeteleza. Imezama. Nilipata pancha pale Mbezi, kijana wa matairi akaweka jeki pale chini ya mlango wa nyuma kushoto, pale pale penye alama ya kuwekea jeki, akazungusha mara tatu nne, gari haipandi, tunasikia tu kru kru kru. Akachungulia akaniambia mama hii gari haina ubavu. Akanipa kipande cha bati kilichodondoka, chekundu, kina tabaka tabaka kama chapati ya kusukuma, ukikibana na vidole kinasagika. Hicho ndicho kipande nilichokuja nacho ofisini kwenu kwenye bahasha ya kaki.

Na hapo ndipo mlinikosea kuliko hata hiyo kutu. Nimefika kaunta, wateja wamekaa kwenye makochi yenu, nimeweka kipande mezani, nikasema shikamoo kwa yule baba mtu mzima na nikaeleza taratibu. Msimamizi wenu akakisukuma kwa kalamu, kwa kalamu jamani kama uchafu wa paka, akasema kwa sauti, "Mama, gari ni bati, na bati halikosi kutu. Ukitaka isiyoshika kutu nunua ya plastiki." Watu wakacheka.

Sasa ngoja niwaambie alichoniambia fundi bodi, maana yeye alitumia dakika kama ishirini na vifaa vitatu tu, tochi, bisibisi na kisumaku cha spika mbovu.

Kwanza aliipandisha gari kwenye rampu, jambo ambalo kijana wenu hakulifanya. Mimi nilikuwepo, nimekaa na soda yangu, alipiga magoti mara moja upande wa mbele akapiga picha injini. Picha 32 kwenye ripoti na hakuna hata moja ya chini! Fundi akaniuliza, hii rangi nyeusi ya huku chini umepiga wewe? Nikasema hapana. Akasema basi umepigwa wewe. Akanionyesha rangi ile ya lami imeruka mpaka kwenye bomba la ekzosi na kwenye mipira, akasema kiwandani hawapaki mipira, huyu ni mtu wa haraka na pampu ya dawa. Akaikwangua kidogo ikabanduka na udongo wake, yaani waliipulizia juu ya matope bila kuosha. Ndani ya matope kuna unyevu, juu umefunika na lami, kwahiyo kutu inakula taratibu ndani kwa ndani na wewe huoni kitu.

Akagonga kwa mpini wa bisibisi kuanzia mbele kwenda nyuma. Mbele inalia ting ting. Ilipofika karibu na mlango wa nyuma ikawa buf buf kama unagonga kadibodi. Hata mimi ambaye si fundi nilisikia tofauti. Kisumaku nacho, kwenye milango kinang'ang'ania, kwenye mdomo wa tairi la nyuma kikadondoka chini. Pale hamna bati, ni pati imezibwa na kupakwa rangi, ndio maana rangi ilikuwa na vimalengelenge vidogo ambavyo kijana wenu aliniambia ni vumbi. Fundi anasema lengelenge ukiliona nje ujue shughuli imeanza ndani zamani, kutu inavimba kuliko chuma chenyewe, ndio inasukuma rangi.

Akainua zulia la nyuma. Nilikuta magamba ya samaki. Nacheka mpaka leo, hasira tu. Hii gari ilikuwa inabeba samaki na barafu, maji ya chumvi yanachuruzika chini ya zulia yanaingia kwenye ubavu, na vile vitundu vya kutolea maji vimezibwa na matope na lami. Kadi inaonyesha mmiliki wa mwisho ni wa Bagamoyo, hiyo kadi mliishika nyinyi kabla yangu! Gari ya Bagamoyo yenye harufu ya dawa kali ya kupulizia na hamjiulizi kwanini.

Fundi wangu hana maneno ya kutisha watu. Alisema kutu ya juu juu, ile ya rangi ya chungwa unayopangusa na brashi ya waya na chuma cha chini bado kigumu, hiyo hata gari ya Dodoma inayo, asingenishtua. Ya kwangu ni ya magamba, bisibisi inapita. Na ule ubavu sio urembo, hii gari haina fremu ya chini kama ya lori, bodi ndiyo imebeba kila kitu. Tena bomba la breki la kwenda nyuma limechimbika kama gome la mwembe. Likipasuka pedali inazama na breki inapungua nguvu. Mimi nabeba watoto wa shule humo.

Kuziba anataka 1,850,000, akate mpaka afike kwenye bati jeupe ndio achomelee bati jipya, sio kubandika kiraka juu ya uozo, na abadilishe bomba la breki.

Na narudia, kwa kalamu. Nimesimama na bahasha yangu, nimeamkia, sijapaza sauti, na mtu ambaye nimemlipa 150,000 ya kukagua anasukuma ushahidi wangu kwa kalamu na kuniambia ninunue ya plastiki, na yule kijana aliyekagua yuko nyuma yake anatabasamu anaangalia simu. Hakuna aliyeuliza gari iko wapi. Ilikuwa hapo nje! Hatua kumi! Hakuna aliyetoka hata kuinama.

Nilikuwa nataka nirudishiwe 150,000 yangu tu yaishe. Sasa hivi nataka hiyo na 1,850,000 ya fundi. Na nikiandika hapa nimekumbuka gari mliniambia "chukua mama utanishukuru", na yadi iliyoniuzia ni nyinyi mlionipeleka, kwahiyo kama hamwezi kutengeneza, chukueni gari yenu na hela yangu yote irudi. Na yule msimamizi aniombe radhi pale pale kaunta, watu wakiwepo kwenye makochi.

Nawapa siku saba kuanzia mnapopokea hii. Siku ya nane napeleka ripoti yenu, picha za fundi na maelezo yake ya maandishi Tume ya Ushindani, na Probox nakuja kuipaki mlangoni kwenu, nimeandika kwenye kioo cha nyuma "Hakuna kutu" kwa herufi kubwa.

Kipande cha bati bado ninacho. Kinaendelea kusagika kwenye bahasha, kwahiyo msichelewe.

Mteja wenu,
Mama wa Probox nyeupe