Barua ya wazi kwa Kamishna wa Data wa Kenya: mteja aliyefutwa asifufuliwe na bekapu

Mheshimiwa Kamishna,

Mimi ni msimamizi wa hifadhidata hapa Nairobi. Nakuandikia kuhusu zile siku 14 ambazo Kanuni za Ulinzi wa Data za mwaka 2021 zinampa anayetunza data kujibu ombi la mteja la kufutwa. Mteja huambiwa "tumekufuta", na kwenye seva kuu ni kweli. Kwenye nakala pacha pia ni kweli, maana amri ya kufuta, DELETE, ikishapita kwenye hifadhidata ya PostgreSQL huzifikia kwa kawaida baada ya sekunde chache. Bekapu ndiyo haipati habari. Nasi hatuwezi kuifungua na kung'oa mstari mmoja, kwani bekapu iliyochokorwa haiaminiki siku ya janga.

Tuseme bekapu huchukuliwa kila usiku na kutunzwa siku 35. Mteja anafutwa mchana wa Machi 5. Machi 20 inagundulika kwamba jedwali la mikopo limekuwa likiharibika tangu Machi 4, kwa hiyo mafundi wanarejesha bekapu ya usiku wa Machi 3. Mikopo inapona, na mteja naye amerudi, jina na namba ya simu. Hakuna kengele inayolia. Yeye mwenyewe ndiye atakayejua, siku atakapopokea SMS ya matangazo.

Dawa yake ipo, na si ghali: daftari la ufutaji, linalotunzwa nje ya hifadhidata ili lisirudishwe nyuma pamoja nayo. Ndani yake huwa namba ya ndani ya mteja na tarehe tu. Ukiandika jina, umemhifadhi upya. Kila baada ya kurejesha bekapu, daftari hupitishwa kwanza, ndipo mfumo ufunguliwe. Katika mfano huu bekapu ya mwisho yenye mteja huyo, ile ya usiku wa Machi 4, inaisha muda Aprili 8. Hiyo ndiyo tarehe ya kweli ya kufutwa kwake, na ndiyo anayostahili kuambiwa.

Faili za CSV, yaani orodha za wateja zinazotolewa nje ya hifadhidata, zinanitia hofu zaidi. Zikishatumwa kwa wakala wa SMS, hakuna mfumo unaozifuata. Kifungu cha 40 cha Sheria ya 2019 kinataka wakala huyo ajulishwe, lakini asiyeandika alimtumia nani faili gani hana wa kumjulisha.

Naomba ofisi yako itoe mwongozo unaotaka jibu kwa mteja litaje tarehe ya bekapu ya mwisho na waliopokea faili. Wakaguzi wako nao wasiridhike na sera iliyochapwa. Waombe mteja wa majaribio afutwe, kisha bekapu ya zamani irejeshwe kwenye seva ya kando mbele yao, na namba yake itafutwe humo kuona kama imerudi.

Wako mtiifu,
Msimamizi wa hifadhidata, Nairobi