Kipimo cha kreatini si kilo tu

Mhariri,

Katika jimu ninakofundisha hapa Langa Langa, Nakuru, kuna jedwali limebandikwa ukutani: zidisha kilo zako kwa 0.3, hizo ndizo gramu za kila siku za kreatini, ule unga wanaokunywa wanamichezo kuipa misuli nguvu. Aliyelibandika alisahau kuandika kwamba hesabu hiyo ni ya siku 5 hadi 7 za mwanzo tu, za kujaza misuli haraka. Nimeona watu wawili wakiponzwa na kosa hilo, mmoja mzito na mmoja mwepesi, nikaona heri niandike.

Wa kwanza ni mchezaji wa raga wa safu ya mbele, kilo 128. Alipiga hesabu akapata gramu 38 na ushei. Akazigawa mara mbili, asubuhi na jioni, yaani kama gramu 19 kwa kikombe. Siku ya tatu alikuwa anashinda chooni. Tumbo lake halikuwa na ugonjwa. Kreatini ikiingia nyingi kwa mpigo hainyonywi yote, na inayobaki huvuta maji matumboni. Angeigawa gramu 5 kwa gramu 5 kutwa nzima, pengine asingejua hata kwamba ameinywa.

Lakini swali langu ni hili: alizihitaji zote 38? Kreatini haikai kwenye mafuta. Karibu asilimia 95 yake imo ndani ya misuli, na mizani ya jimu haijui kutenganisha kitambi na paja. Wawili wenye kilo 128, mmoja amejengeka na mwingine amenenepa, jedwali linawapa kipimo kimoja ilhali maghala yao hayalingani hata kidogo.

Tuanze na mtu wa kilo 70. Mwilini ana takriban gramu 120 za kreatini, na kila siku hupoteza kama gramu 2, ambazo hugeuka kreatinini na kutoka kwa mkojo. Mwili wenyewe hutengeneza karibu gramu 1, na chakula kinaweza kuongeza nyingine, ingawa robo kilo nzima ya nyama mbichi ya ng'ombe ina gramu 1 hivi tu. Sasa tuseme mchezaji wetu ana misuli mara moja na nusu ya huyo. Ghala lake ni gramu 180, na likijazwa kwa nyongeza ya asilimia 20 linafika 216. Atakuwa anapoteza gramu 3.7 kwa siku. Basi gramu 5 za kila siku zinamtosha kulidumisha. Mimi nilimwambia anywe 8 mwezi wa kwanza, 5 asubuhi na 3 jioni, kwa sababu ghala kubwa huchelewa kujaa, kisha ashuke hadi 5.

Wa pili ni mwanadada bondia wa uzani wa kilo 50, ambaye hupima kilo 49.3 akiwa sawasawa. Yeye hakutazama jedwali. Alimwiga rafiki yake, akanywa gramu 20 kwa siku kwa siku sita, wakati hata kwa hesabu ya 0.3 zingekuwa 15. Tumbo lilimvumilia. Kilichomkataa ni mizani: kilo 50.4, na upimaji ulikuwa kesho yake. Hayo yalikuwa maji ndani ya misuli, hakuna ubaya wowote, ila mwamuzi wa mizani hajali ni maji au ni ugali. Alikimbia amevaa sweta mbili jioni ile, jambo ambalo sikulipenda.

Kwake yeye hesabu ni ndogo kabisa. Ghala lake likijaa ni kama gramu 100, na upotevu hauvuki gramu 2. Gramu 3 kwa siku, bila wiki ya kujaza, humfikisha palepale baada ya siku 28 hivi, na kilo hupanda polepole kiasi cha kuonwa na kupangiwa mapema. Akinywa 5 hatadhurika. Ziada itaishia chooni pamoja na pesa yake.

Kwa hiyo uzito una kazi katika wiki ya kujaza, na kwa walio kwenye ncha mbili za mizani. Kwa wengi walio katikati, gramu 3 hadi 5 zinatosha bila kikokotoo.

Jambo moja bado. Mtu mwenye misuli mingi anayenywa kreatini akipimwa damu, kreatinini inaweza kuonekana juu na figo zikasingiziwa. Amweleze daktari kabla ya kupimwa. Mwenye ugonjwa wa figo asiiguse kabla ya kuongea na daktari wake.

Wale wawili sasa wananunua mikebe tofauti. Wa gramu 300 humtosha bondia siku 100. Mwenzake, kwa gramu 8 za mwezi wa kwanza kisha 5, aliumaliza siku ya 42, akadai ameibiwa.

Mkufunzi wa jimu,
Langa Langa, Nakuru