Kabla ya kamera nane, tengeneza geti

Mwezi Juni alitupigia simu mama mmoja, mwalimu mstaafu mwenye vyumba 12 vya kupangisha maeneo ya Iyunga, Mbeya. Wapangaji wake wengi ni wanafunzi. Ndani ya wiki tatu aliibiwa mara mbili: kwanza kompyuta mpakato ya mwanafunzi, halafu mtungi wa gesi uliokuwa nje ya mlango. Alikuwa na shilingi 1,500,000 mkononi na ombi moja: "Naomba mnifungie kamera nane, nimechoka."

Kamera tunauza na tunafunga, ni kazi yetu. Lakini tulimwomba kwanza tufike kwake usiku, si mchana. Mchana kila nyumba ya kupanga inaonekana salama, maana watu wapo, geti linaonekana, ukuta unaonekana. Tulifika saa 2 usiku, kwenye baridi na ukungu wa Juni, na dakika kumi za kwanza zilitosha kuonyesha mwizi alipitia wapi.

Geti lake ni la bati zito, na bawaba ya juu ilikuwa imelegea. Geti likashuka, komeo likawa halifiki tena kwenye tundu lake ukutani. Wanafunzi walikuwa wakilifunga kwa kipande cha waya. Tulipoishika ile bati kwa chini na kuinyanyua kidogo, geti zima lilitaka kutoka kwenye pini zake. Hili tunalikuta mara nyingi sana. Watu wananunua kufuli ya bei kubwa, kumbe geti linang'oka upande wa pili, kwenye bawaba. Fundi wa kuchomelea analimaliza kwa nusu siku: anarudisha bawaba sawa, kisha anachomelea kipande cha chuma juu ya pini ili geti lisiweze kunyanyuliwa. Jaribu kwako leo. Likipanda hata kwa upana wa vidole viwili, mpigie fundi.

Nyuma ya uwanja, upande wa nje, kulikuwa na tofali zilizopangwa zikiegemea ukuta. Ngazi kamili. Kuzihamisha hakukugharimu kitu.

Taa zilikuwepo mbili, zote zimezimwa. Nani kazima? Wapangaji wenyewe. Umeme wanachangia kwenye mita moja ya LUKU, na kila mmoja anaona taa ya nje inakula uniti zake. Hapa ndipo pesa kidogo inapofanya kazi kubwa, kwa hiyo tupige hesabu. Taa tatu za wati 10 kila moja, zikiwaka saa 12 kwa usiku, zinakula uniti 0.36. Kwa mwezi ni kama uniti 11. Nyumba inayotumia zaidi ya uniti 75 kwa mwezi inalipa bei ya T1, ambayo ni takribani shilingi 356 kwa uniti, kwa hiyo taa zote tatu hazifiki shilingi 4,000 kwa mwezi. Mama alikubali kuzilipia yeye. Tukaziunganisha kwenye mita yake, tukaziwekea sensa ya mwanga ili giza likiingia ziwake zenyewe, na swichi hakuna anayeifikia.

Kwa nini tatu ndogo, si moja kubwa ya wati 50? Taa moja kali inaacha kivuli cheusi nyuma ya kila kona, na inamchoma macho mlinzi asione kilicho nje ya mwanga wake. Tulifunga moja getini ikiangalia chini, moja kwenye korido ya vyumba, moja kwenye ukuta wa nyuma.

Kisha tukafika kwenye kamera. Kamera ya kawaida ya lenzi pana inaonyesha uwanja mzima, ndiyo, lakini uso wa mtu usiyemjua utautambua vizuri akiwa ndani ya mita 3 hivi. Zaidi ya hapo unaona mtu mwenye koti. Ukiifunga juu ya paa unarekodi kofia tu. Kwa hiyo kamera mbili zilizofungwa urefu wa mita 2.5, moja ikitazama anayeingia getini na moja ikitazama mwanzo wa korido, zinasaidia kuliko nane zilizotawanywa. Hatukuelekeza kamera yoyote kwenye bafu wala milango ya vyumba, na wapangaji wote waliambiwa zilipo. Heshima yao inadai hivyo, na tangu mwaka 2023 inatumika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayohusu picha za watu.

Kwa hali ya hewa yetu kuna jambo moja la kuangalia. Usiku kamera inatoa mwanga wake ambao jicho halioni. Ukungu ukiwa mzito mwanga ule unagonga matone na kurudi, picha inakuwa nyeupe kama maziwa. Buibui naye anatanda utando mbele ya lenzi, na uzi mmoja unafunika nusu ya picha. Futa kamera kila wiki mbili kwa kitambaa kikavu, na usiache taa ya getini izimwe, maana kukiwa na mwanga wa kutosha kamera haihitaji sana ule wake.

Umeme ukikatika kamera zinalala. Betri ya akiba ndogo ilibeba kamera hizo mbili na mashine ya kurekodi kwa zaidi ya saa moja tulipoijaribu. Usiku mzima haiwezi.

Gharama zilikuwa hivi: geti 140,000, makomeo, kufuli na funguo za wapangaji 95,000, taa na sensa 165,000, kamera mbili na vifaa vyake vyote 780,000. Jumla 1,180,000. Zikabaki 320,000, na hizo zikaenda kwa mlinzi.

Mlinzi ndiye gharama isiyoisha. Mama alikuwa na babu mmoja, mtu mwaminifu kabisa, anayelinda kuanzia saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi, siku saba. Hizo ni saa 84 kwa wiki, wakati sheria ya kazi inataja saa 45 za kawaida. Kompyuta na mtungi vyote viliibwa kati ya saa 8 na saa 10 usiku. Babu alikuwa amelala, na hatuwezi kumlaumu. Kuongeza mlinzi wa pili kwa 150,000 kwa mwezi ni 1,800,000 kwa mwaka, zaidi ya kila kitu tulichofunga, na kodi ya vyumba isingeibeba.

Tukapanga upya zamu badala ya kuongeza mtu. Geti linafungwa kwa ufunguo saa 4 usiku, kila mpangaji ana wake. Babu anaanza saa hiyo hadi saa 11 alfajiri, siku sita, yaani saa 42. Mshahara wake haukuguswa. Usiku wa saba anakuja kijana wa jirani aliyetambulishwa kwa mwenyekiti wa mtaa, analipwa 10,000. Zile 320,000 zinamlipa kwa wiki 32. Kiti cha babu tulikihamisha kutoka getini, kikawekwa pembeni anapoona geti na korido kwa pamoja.

Mpangaji akihama, badilisha silinda ya kufuli ya geti siku hiyohiyo, hata kama amerudisha ufunguo. Kuchonga nakala ni kazi ya dakika chache.

Ukitaka tukukague, tunafika Mbeya mjini kuanzia saa 1 usiku. Tuandalie funguo zote za geti na utuonyeshe mita ilipo, na mlinzi wako awepo, kwa sababu maswali mengi tutamuuliza yeye.