Zoezi la kesho: maswali ya kukanusha

Ndugu waongoza watalii, habari za jioni.

Katika zoezi letu la Kisiwa cha Saanane, aliyeigiza mgeni aliuliza kwa Kiingereza kama maji yale si salama kuogelea, na mwenzetu akajibu "ndiyo", akimaanisha kuwa kweli si salama, kama tunavyojibu kwa Kiswahili. Kwa Kiingereza jibu hilo huweza kueleweka kinyume, kwa sababu "ndiyo" yao hufuata hali halisi ya jambo, si kauli ya muulizaji. Mgeni wa kweli angeweza kuingia ziwani, ilhali vimelea vya kichocho, vinavyotoka kwa konokono wa majini, hupenya hata ngozi isiyo na jeraha.

Kwa hiyo anzeni na "hapana", kisha mseme sentensi kamili: samahani, maji haya si salama kwa sababu ya kichocho, ila mnaweza kulitazama ziwa vizuri kutoka juu ya miamba. Samahani itangulie, maana katazo tupu husikika kama amri.

Kesho saa kumi jioni tukutane karibu na Jiwe la Bismarck, kila mmoja akiwa na maswali matatu ya namna hiyo.