Kuchanja Kuku 3,000 Si Lengo la Mradi

Wiki hii tena mteja ametuambia tumemtoza pesa nyingi kwa "kubadilisha sentensi moja tu." Ni mwenyekiti wa kikundi cha akina mama upande wa Ahero. Alituletea pendekezo la mradi akitaka tunyooshe lugha na kulichapisha, nasi tukakwama ukurasa wa pili, kwenye malengo. Kwa kuwa lalamiko hili halituishii hapa Kisumu, acha tueleze pesa hizo zilikwenda wapi.

Alikuwa ameandika hivi: "Lengo letu ni kutoa mafunzo kwa wanachama 120 na kuchanja kuku 3,000 dhidi ya kideri." Sentensi ina nambari, ndiyo maana wengi hudhani imeshapimika. Lakini kufunza na kuchanja ni shughuli, yaani mambo ambayo kikundi chenyewe kitafanya na kuyalipia. Wanachama waliofunzwa na kuku waliochanjwa ni mazao ya shughuli hizo; unayahesabu kazi inapokwisha, unaandika ripoti. Lengo ni badiliko linalotokea bomani baada ya hayo yote.

Swali letu kwa kila mteja ni moja: je, mnaweza kutimiza kila mlichoandika na kuku wakazidi kufa? Mama alicheka, akasema, "Wanaweza sana." Chanjo ya kideri ya kudondosha jichoni hurudiwa takriban kila miezi minne. Chupa ikishafunguliwa haiwekwi hadi kesho, na chupa ya dozi 100 haina faida kwa mwenye kuku kumi na wawili, labda ashirikiane na majirani siku hiyo hiyo. Kwa hiyo kikundi kingechanja kuku 3,000 mara moja mwezi Machi, kipige picha, kijisifu kwenye ripoti, na kufikia mwisho wa mwaka mabanda yawe matupu. Kwa lengo lile la kwanza, huo ungekuwa mradi uliofaulu.

Tulipoandika upya, lengo likawa hivi: "Kufikia Juni 2027, vifo vya kuku wenye umri wa zaidi ya miezi miwili katika kaya 120 za wanachama vipungue kutoka 5 hadi 2 kwa kila kuku 10 kwa mwaka."

Hilo la miezi miwili lilituchukua asubuhi nzima, na hapo ndipo mteja huona tunampotezea wakati. Vifaranga huchukuliwa na mwewe na kicheche, na chanjo haimfukuzi mwewe. Ukiwahesabu pamoja, mradi utalaumiwa kwa jambo usiloligusa. Hatukuandika "vifo vya kideri" pia, kwa sababu kinyesi cha kijani na shingo iliyopinda hukupa shaka tu; bila maabara huwezi kuapa ni kideri.

Ile 5 nayo haikutoka kichwani. Tuliwatuma vijana wa kikundi waulize kila mwanachama: kuku wakubwa walikuwa wangapi mwaka jana wakati kama huu, wangapi wameongezeka, wangapi wameuzwa, kuliwa, kuibwa, kufa. Kuku aliyechinjwa kwa ajili ya wageni si kifo cha kuhesabiwa hapa, lakini usipouliza atajumlishwa. Maswali hayo hayo yataulizwa tena mwisho wa mradi, miezi ile ile, maana magonjwa ya kuku yana misimu yake.

Lengo lilipobadilika, shughuli zilibadilika pia. Chanjo ya mara moja ikawa raundi tatu kwa mwaka, kukawa na siku ya chanjo kwa kila kijiji, na bajeti ikafumuliwa yote. Hiyo ndiyo "sentensi moja."

Njia ya mkato tunayoiona sana ni kunakili malengo ya kikundi kingine. Vijana fulani wa upande wa Molo walinakili "kupunguza hasara ya viazi baada ya mavuno kwa asilimia 50," wakapewa pesa. Mwisho wa mradi mfadhili akauliza, asilimia 50 ya magunia mangapi? Hakuna aliyekuwa amepima mwanzoni. Ikabidi walipe watu wazunguke mashambani wakiwauliza wakulima wakumbuke viazi vilivyooza misimu minne iliyopita, na majibu yalikuwa ya kubahatisha tu. Gharama hiyo ilipita bei yetu mbali, nayo haikuwa kwenye bajeti.

Na tafadhali, "kumaliza umaskini Nyando" kuandikeni kwenye utangulizi. Wanachama 120 na kuku wao hawawezi kuubeba mzigo huo.

Anayetaka bei ipungue aje na daftari la hesabu ya mwanzo, kaya kwa kaya, lenye tarehe. Tukilikuta limejazwa vizuri, tunaondoa ada ya kukusanya takwimu na kubakiza ya uandishi peke yake.