Malalamiko kuhusu ankara iliyotokana na herufi moja ya kibao cha namba isiyosomeka kwa uhakika

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Kampuni ya Uendeshaji wa Maegesho.

Ndugu Meneja,

YAH: KUPINGA ANKARA YA MAEGESHO YA SAA 40 NA DAKIKA 40

Naandika kupinga ankara mliyonitumia, inayodai kwamba gari langu lilikaa ndani ya maegesho yenu tangu Jumatatu saa 10:40 jioni hadi Jumatano saa 3:20 asubuhi. Gari halikulala hapo hata usiku mmoja. Niliingia mara mbili na kutoka mara mbili, kwa jumla ya saa 6 na dakika 30, na picha zenu wenyewe zinaonyesha hivyo zikitazamwa zote nne kwa pamoja. Nawashukuru kwa kunitumia picha hizo pamoja na taarifa ya usomaji wake. Hata hivyo, jibu mlilolitoa juu yake, kwamba mfumo ulisoma kibao "kwa uhakika wa asilimia 92" na kwa hiyo suala limefungwa, silikubali, na naomba mnivumilie nieleze sababu kwa kirefu.

Kwa miaka kadhaa kazi yangu imekuwa kupokea picha za magari yaliyopata ajali na kunakili namba zake kwenye faili za madai. Nimezoea kukutana na herufi inayokataa kusomeka, na nimefundishwa kwamba herufi ya namna hiyo huandikwa kama ilivyo, yaani kwa alama ya kuuliza au kwa herufi mbili zinazowezekana, wala haikisiwi ili nafasi isibaki wazi. Ankara yenu imezaliwa na nafasi moja iliyojazwa kwa kukisia.

Kibao changu cha nyuma kina herufi na tarakimu saba, na ya tano ni C. Mdomo wa C hiyo unaelekea kulia, na kwenye mdomo huo, katikati ya kimo chake, kuna bolti inayokishikilia kibao. Chini ya bolti palikuwa na mchirizi mwembamba wa kutu na vumbi ulioteremka hadi kugusa ncha ya chini ya C. Mtu akisimama hatua tatu nyuma ya gari anaona C yenye bolti pembeni na uchafu kidogo, wala hasiti. Kwenye picha mambo ni tofauti. Nimezikuza picha zenu na kuhesabu: kimo cha herufi ni kama pikseli 20. Herufi yenyewe ina kimo cha milimita 80, kwa hiyo kila pikseli inabeba takribani milimita 4. Kichwa cha bolti chenye upana wa milimita 12 kinakuwa pikseli 3, na unene wa mstari wa herufi nao ni pikseli 3 hivi. Kwa kipimo hicho bolti haina tena umbo la bolti, bali inakuwa kipande cha mstari kama mistari mingine ya herufi. Kipande cha mstari kilichokaa katikati ya mdomo wa C, kikiungwa na mchirizi unaoshuka hadi ncha ya chini, ndicho kinachoitofautisha G na C.

Sasa naomba mzitazame picha hizo kwa mpangilio wa saa.

Jumatatu saa 10:40 jioni niliingia. Kulikuwa na mwanga wa kutosha, mchirizi ulionekana kama kivuli hafifu, na bolti ilijitenga na herufi. Mfumo ulisoma C, na ulisoma sawasawa.

Siku hiyo hiyo saa 1:25 usiku nilitoka. Giza lilikuwa limeingia, na kamera ilipiga picha kwa mwanga wa infraredi. Hapa ndipo kosa lilipoanza. Uso wa kibao umetengenezwa ili uurudishe mwanga kule kule ulikotoka, na ndiyo maana ardhi ya kibao hung'aa sana mbele ya kamera yenye taa yake. Vumbi linazuia kazi hiyo kwa namna ambayo jicho la mchana halioni, kwa sababu mwanga hulipita mara mbili, unapokwenda kwenye kibao na unaporudi, na kila mara hupungua. Uchafu ambao mchana ni kivuli tu, usiku unakuwa mstari mweusi. Bolti nayo, kwa kuwa kichwa chake ni cha mviringo, iliutawanya mwanga pembeni badala ya kuurudisha kwenye kamera, ikatokea nyeusi kama wino. Mfumo ukasoma G. Kwa kuwa hakuna gari lenye G lililokuwa limeingia, kutoka kwangu kukabaki rekodi isiyo na mwenzake, na kule kuingia kwa C kukabaki wazi.

Jumatano saa 11:35 alfajiri nilirudi kungali giza. Yaleyale yalijirudia: infraredi, bolti nyeusi, mchirizi mweusi, na G nyingine. Saa 3:20 asubuhi nikatoka, jua likiwa limekipiga kibao kwa upande. Safari hii kichwa cha bolti kilimeta kikawa cheupe kama ardhi ya kibao, na mng'ao wake ukaifuta pia sehemu ya juu ya mchirizi. Kilichobaki kilifanana na C, mfumo ukasoma C, ukalitafuta ingizo la C lililokuwa wazi, ukalikuta la Jumatatu jioni. Hivyo ziara mbili fupi zikashonwa kuwa ziara moja ya saa 40 na dakika 40. Naomba muone kwamba hata usomaji huu wa mwisho, uliotoa herufi sahihi, haukuipata kwa kuiona. Mng'ao uliificha bolti, na ikatokea kwamba kilichofichwa hakikuwa sehemu ya herufi. Kama kibao kingekuwa na G ya kweli, mng'ao huohuo ungeila ile pembe yake na kutoa C ya uongo.

Kuhusu hiyo asilimia 92, taarifa mliyoniambatishia inaonyesha alama ya kila herufi kwenye picha ya Jumatatu usiku. Herufi sita zina asilimia 99 kila moja. Ya tano, ile G, ina 52, na C inaifuata kwa 45. Wastani wa zile saba ni 92 kweli, lakini wastani si kipimo cha jambo hili, kwa sababu namba ya gari ni sahihi yote au si sahihi kabisa. Kama alama hizo zinamaanisha kile zinachodai, nafasi ya herufi zote saba kuwa sahihi kwa pamoja hupatikana kwa kuzizidisha, na jibu lake ni kama asilimia 49. Kwa maneno mengine, mfumo wenu ulikuwa umekiri waziwazi kwamba hauijui herufi ya tano, na wastani ukaufunika ukiri huo. Hili ndilo linaloniuma kuliko kiasi cha fedha kilichoandikwa kwenye ankara, kwa kuwa taarifa ya kweli ilikuwepo mezani kwenu kabla ya ankara kuchapishwa.

Ofisa wenu alinieleza kwa simu kwamba kamera hupiga picha kadhaa gari linapopita na mfumo huchukua herufi iliyotokea mara nyingi zaidi, hivyo makosa hujirekebisha. Maelezo hayo yanafaa kwa mng'ao peke yake, maana mng'ao husogea gari linaposogea, na kinachofichwa katika picha moja kinaweza kufichuka katika inayofuata. Vumbi halisogei ndani ya sekunde moja, na bolti haisogei kabisa. Picha kumi za kibao kilekile, kwa taa ileile, zitakubaliana kwa kauli moja katika kosa lilelile. Kinachosaidia ni kulinganisha picha za hali tofauti, ya mchana na ya usiku, na hizo mlikuwa nazo.

Mlinitumia pia picha iliyokuzwa na "kusafishwa", ambayo G inaonekana ndani yake bila doa. Siipokei kama ushahidi. Picha ya herufi yenye kimo cha pikseli 20 haiwezi kutoa kitu ambacho hakikuingia kwenye kamera, na programu ya kukuza hujaza mapengo kwa kufuata kilicho jirani au herufi ilizozoea, kisha ukungu uliokuwa ukituonya kwamba hatuna hakika unatoweka. Naomba mnitumie faili za asili jinsi zilivyotoka kwenye kamera, kwa sababu hizi nilizonazo zimebanwa kiasi kwamba miraba midogo ya mgandamizo inaonekana pembezoni mwa kila herufi.

Nakiri upande wangu. Tundu la bolti lilitobolewa mahali pabaya na fundi wa mmiliki aliyetangulia, nami sikujali kulihamisha. Sasa kibao kimefungwa kwa bolti zilizo kwenye nafasi tupu ya pembeni, mbali na herufi, na kimeoshwa. Lakini kibao kichafu hakimfanyi mwenye gari kuwa amelaza gari mahali ambapo hakulilaza. Isitoshe, hamkuhitaji kibao peke yake. Katika picha zote nne ni gari lile lile, rangi ile ile, lenye ufa ule ule kwenye kioo cha taa ya nyuma ya kushoto na kibonyeo kile kile juu ya bampa. Mtu mmoja angeziweka picha hizo ubavu kwa ubavu kwa dakika mbili, angeona kwamba G iliyotoka Jumatatu usiku ndiyo C iliyoingia jioni yake.

Kwa hayo, naomba ankara hii ifutwe na badala yake nitozwe kwa ziara mbili, ya saa 2 na dakika 45 na ya saa 3 na dakika 45, ambazo niko tayari kuzilipa mara moja. Naomba pia rekodi mbili za G ziondolewe, maana huenda yupo mwenye gari ambaye namba yake ni hiyo hasa, naye akaja kudaiwa saa nilizokaa mimi. Na naomba mnieleze kwa maandishi kama mtabadilisha utaratibu, ili alama ya herufi dhaifu kuliko zote ndiyo iamue kama picha itatazamwa na mtu, herufi isiyojulikana iandikwe C/G badala ya kuchaguliwa moja, na rekodi ya kutoka isiyo na ya kuingia itafutiwe mwenzake kwa herufi zote mbili kabla ya ankara yoyote kutolewa.

Nimeambatisha nakala za picha nne, taarifa yenu ya alama, na picha niliyoipiga mwenyewe mchana, kwa karibu, kabla sijaihamisha bolti. Ndani yake C, bolti na mchirizi vinaonekana kila kimoja peke yake. Nasubiri jibu lenu ndani ya siku 14.

Wenu katika huduma,

Mmiliki wa gari lililotajwa kwenye ankara