Dada, ulipoweka simu kwenye spika

Dada yangu,

Miezi minane kimya, halafu juzi unaniuliza, "Bado uko naye?" Ndiyo, bado.

Usiku ule nilikupigia nikiwa sakafuni bafuni, bomba nimelifungulia nisisikike. Nikakwambia mwenzangu amenieleza kuwa tangu utotoni anajijua ni mwanamke, na sasa anataka kuanza homoni. Nilipomaliza nikasikia kikohozi cha shangazi. Kumbe ulikuwa umeweka simu kwenye spika! Hilo halijanishuka mpaka leo. Siri ilikuwa yake. Najua, hata mimi sikumwomba ruhusa kabla ya kukwambia. Lakini nilikuwa nazama, nikahitaji sikio moja tu, na nililichagua lako.

Unadhani nimekaa kwa sababu sijui kinachokuja. Nakijua. Mshauri alitufundisha kutenganisha yanayorudi na yasiyorudi, maana hofu yangu ilikuwa fungu moja. Homoni hizo ni estrojeni, pamoja na dawa ya kuzuia ile ya kiume. Hamu ya tendo hupungua miezi ya mwanzo. Matiti huanza kuota kati ya mwezi wa 3 na wa 6, huendelea miaka 2 au 3, na hata dawa zikisimamishwa hayaondoki. Sauti haibadiliki kwa dawa, ni mazoezi. Kilichonitisha zaidi ni uzazi: mbegu zinaweza kukauka zisirudi, nami nilitaka mtoto wa pili. Nikamwomba kitu kimoja, mbegu zigandishwe kwanza. Akaahirisha dawa mpaka zikahifadhiwa, ingawa kila siku ya kungoja ilimuuma, na niliiona usoni pake.

Msiba wangu ni wa mtu aliye hai, dada, na hauna matanga. Siku aliyogawa mashati yake, moja nililificha. Aliporudi kutoka kliniki akitabasamu, tabasamu ambalo sikuwahi kuliona miaka yote ya ndoa, lilinichoma. Nikamwambia, "Usinilazimishe nishangilie." Akajibu, "Nawe usinilazimishe niombe radhi kwa nilivyo." Tukalia wote. Tangu hapo tuna saa moja kila Alhamisi ya kuyazungumza haya, na siku nyingine tunaishi tu, la sivyo yangetumaliza.

"Yeye" ya Kiswahili imenisaidia, haiulizi jinsia. Kinachonikwama kooni ni "mume wangu." Kitandani tunalala pamoja, si kama zamani, na sijui kama tutaishia wanandoa au marafiki wawili wanaolea mtoto. Yeye anajua kwamba sijui. Nimemwambia hivyo kwa sababu kumdanganya kungekuwa kumwacha.

Wewe ndiye uliyenisuka nywele siku ya harusi, kwa hiyo nakukosa kuliko ninavyokiri. Ukitaka kunipigia, piga. Ila kwanza niambie uko na nani chumbani.

Mdogo wako